Jumanne Saa Nne, Kila Wiki Mbili

Ujumbe wa kawaida wa mwanafunzi wa uzamili kwa msimamizi wake husomeka hivi: "Shikamoo Daktari. Samahani kwa usumbufu. Naomba kujua kama wiki hii utakuwa na nafasi, nina mambo machache ya kuuliza kuhusu kazi yangu." Ni ujumbe wa heshima, na hauna kosa la lugha. Shida yake ni kwamba unamwachia msimamizi kazi yote. Yeye ndiye atafute siku na saa, akisie kikao kitachukua muda gani, akumbuke mwanafunzi huyu amefika wapi, na ahisi hayo mambo machache ni yapi. Akiwa ndani ya daladala au katikati ya kikao cha idara, ataujibu baadaye. Baadaye hiyo mara nyingi haifiki, na mwanafunzi, kwa kuona ameshasumbua mara moja, husubiri wiki tatu kabla ya kusumbua tena.

Kwa njia hiyo shahada iliyopangwa kumalizika kwa miaka miwili hufika wa nne. Masomo ya darasani humalizika kwa wakati kwa sababu yana ratiba ubaoni. Inapobaki tasnifu, ratiba hutoweka, na mtu aliyezoea kengele anabaki na msimamizi mmoja au wawili ambao kila kukutana nao kunahitaji ombi jipya. Dawa ninayoitetea hapa ni ndogo: mwanafunzi aombe mara moja tu, tena kwa maandishi, vikao vya siku na saa ile ile kila baada ya wiki mbili, na aambatanishe ahadi ya kitakachomfikia msimamizi kabla ya kila kikao. Hiyo ahadi ndiyo yenye uzito. Tarehe peke yake haimfungi mtu. Ukurasa uliokwisha kufika mezani humfunga.

Wengi husita kwa sababu ya adabu. Kumpangia mkubwa ratiba kunaonekana kama utovu wa nidhamu, na kwetu jambo hilo halipuuzwi. Lakini tazama upande wa pili wa meza. Mhadhiri mwenye wanafunzi wanane wa tasnifu hupokea maombi ya muda karibu kila siku, kwa simu, kwa WhatsApp, kwenye korido na hata nje ya msikiti au kanisa. Kila ombi linamlazimu kuamua upya. Anayemletea mpango uliokamilika, ambao anaweza kuukubali kwa neno moja au kuurekebisha kwa mstari mmoja, anamtua mzigo. Adabu inabaki palepale kwa sababu neno la mwisho bado ni la msimamizi.

Kwa nini wiki mbili? Wiki moja ni fupi mno kwa mtu mwenye kazi, na wanafunzi wengi wa uzamili wana kazi: ni walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri. Atafika kikaoni hana jipya, ataona haya, na mara ya tatu hatafika. Mwezi nao una hatari nyingine. Kikao cha mwezi kikiahirishwa mara moja, ambalo ni jambo la kawaida kabisa, miezi miwili inapita bila neno. Kikao cha wiki mbili kikiahirishwa, pengo ni wiki nne, na kazi haijapoa. Katika wiki mbili mtu mwenye ajira anaweza kuandika kurasa nne au tano, au kumaliza mahojiano ya shule moja, yaani kipande cha kazi kinachotosha kuzungumziwa.

Hesabu ya msimamizi nayo inakubali. Wanafunzi wanane kwa dakika 40 kila mmoja ni dakika 320 katika wiki mbili, sawa na saa 2 na dakika 40 kwa wiki. Akitumiwa na kila mmoja kurasa sita, atasoma kurasa 48 katika wiki hizo mbili. Ni kazi, lakini inawezekana. Kila mmoja akimtumia sura nzima ya kurasa 40, ana kurasa 320 za kusoma, nje ya mitihani ya shahada ya kwanza inayosubiri kusahihishwa. Hapo hakuna wa kumlaumu akikaa kimya.

Sasa tuuone mpango huu kwa mtu. Tuchukue mwalimu wa sekondari kutoka Morogoro anayesoma Shahada ya Uzamili ya Elimu Dar es Salaam. Anachunguza namna wanafunzi wa kidato cha kwanza, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wanavyojifunza Baiolojia inapofundishwa kwa Kiingereza. Pendekezo lake limepita idarani. Amepanga kuhoji wanafunzi 24 katika shule nne, sita kila shule, pamoja na walimu wao wa somo. Ni mwisho wa Aprili 2026. Barua yake kwa msimamizi inaweza kuwa hivi, ikiwa na kichwa kinachosema jambo lenyewe: "Ombi la siku ya vikao vya tasnifu, Jumanne kila wiki mbili".

"Daktari, shikamoo.

Asante kwa maoni yako kuhusu pendekezo langu. Sasa naingia katika ukusanyaji wa data na sipendi nikuombe muda upya kila mara. Naomba tukutane kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, saa 4:00 hadi saa 4:40 asubuhi, ofisini kwako. Kwa kuanzia, tarehe zitakuwa 5 Mei, 19 Mei na 2 Juni. Baada ya vikao hivyo vitatu utaniambia kama utaratibu unakufaa au tuubadilishe.

Kabla ya kila kikao, ifikapo Alhamisi saa 6:00 mchana, nitakutumia ukurasa mmoja wa taarifa na rasimu isiyozidi kurasa tano. Kwa kikao cha kwanza nitatuma Jumatano, tarehe 29 Aprili, kwa sababu Ijumaa ni Mei Mosi. Kesho yake baada ya kila kikao nitakutumia muhtasari mfupi wa tuliyokubaliana.

Ukiwa safarini au kwenye usahihishaji, naomba tuzungumze kwa simu dakika 15 siku hiyo hiyo, au unijibu kwa maandishi maswali yaliyomo kwenye ukurasa.

Kama Jumanne haikufai, Alhamisi kuanzia saa 8:00 mchana pia ninaweza.

Ahsante sana."

Barua ni fupi, na kila aya ina kazi yake. Tarehe tatu zimeandikwa wazi kwa sababu maneno "kila wiki mbili" huwachanganya watu: msimamizi aliyekosa kikao kimoja hakumbuki tena kama wiki hii ni ya kikao au ni ya mapumziko. Wengine hukwepa utata huo kwa kusema Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Hiyo ni rahisi kukumbuka, ila mwezi wenye Jumanne tano huleta pengo la wiki tatu. Mimi napendelea kuorodhesha tarehe zenyewe, kisha kutazama kalenda kabla ya kuzituma. Kwa mwalimu wetu mambo yamekaa vizuri. Akiendelea na hesabu ya siku 14 atapata 16 Juni, 30 Juni na 14 Julai, na Saba Saba, ambayo mwaka huo ni Jumanne, inaangukia wiki isiyo na kikao.

Ombi la majaribio ya vikao vitatu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Msimamizi hakubali kufungwa mwaka mzima na mtu asiyejua kama atatimiza ahadi zake. Kukubali wiki sita hakumgharimu. Na kama mwanafunzi ametuma ukurasa wake kwa wakati mara tatu mfululizo, swali la kuendelea halihitaji hata kuulizwa.

Mstari wa dharura, ule wa simu au majibu ya maandishi, ndio unaookoa mpango wote, na ndio wengi wanausahau. Wahadhiri husafiri. Wana kazi za ushauri wa kitaalamu mikoani, wana vikao vya seneti, wana majuma ya usahihishaji ambayo mlango wa ofisi haufunguki. Bila njia mbadala iliyokubaliwa mapema, kikao cha kwanza kinachovunjika huwa cha mwisho. Ikiwepo, kikao hakivunjiki. Kinafupishwa.

Jambo dogo la saa. Ukiandika kwa Kiswahili, "saa 4:00 asubuhi" inaeleweka. Lakini barua nyingi za chuo huandikwa kwa Kiingereza, na mtu akihamisha ile nne bila kubadili hesabu, msimamizi atamsubiri saa kumi jioni. Kwenye kalenda ya simu andika 10:00. Wale wenye msimamizi wa pili Ulaya wana mtego mwingine. Huko saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali huku kwetu haibadiliki. Kikao cha saa nne asubuhi ya Oslo ni saa sita mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao. Nimewahi kuona watu wawili waliokosana kwa sababu ya saa moja hiyo, kila mmoja akiamini mwenzake amemdharau.

Kuhusu salamu, barua yangu ina shikamoo kwa sababu nimemdhania msimamizi ni mkubwa. Siku hizi si ajabu mwanafunzi kuwa na miaka 45 na msimamizi 36. Hapo kila upande hujikuna kichwa nani aanze. "Habari za kazi, Daktari" inatosha, na msimamizi kijana mwenye malezi atamwamkia mwanafunzi wake kwanza, kisha wote waketi kazini.

Ukurasa mmoja

Mwalimu wetu amekubaliwa. Kikao cha tarehe 5 Mei kimepita vizuri. Sasa ni Alhamisi ya tarehe 14, siku ya kutuma ukurasa wa kikao cha tarehe 19. Huu ukurasa una sehemu nne, na mpangilio wake usibadilike kamwe, ili jicho la msimamizi lizoee pa kutazama: nilichofanya tangu kikao kilichopita, kilichokwama, maamuzi ninayoyaomba, na nitakachofanya hadi kikao kijacho.

Sehemu ya kwanza inapimwa kwa kulinganisha na muhtasari wa kikao kilichopita. Tarehe 5 walikubaliana mambo matatu: apunguze maswali ya mahojiano kutoka 18 hadi 10, afanye majaribio ya maswali hayo kwa wanafunzi wawili ambao hawatakuwemo kwenye utafiti, na apeleke barua zake za kibali. Ukurasa unajibu yote matatu kwa mpangilio ule ule. Maswali yamekuwa 11, si 10, na anaeleza kwa sentensi moja kwa nini la kumi na moja amelibakiza. Majaribio yamefanyika, na wanafunzi wote wawili walinyamaza kwenye swali la nne. Barua ya chuo ameipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikafika kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa afisa elimu sekondari. Wakuu wa shule tatu wamempokea.

Hapo panakuja kilichokwama. Mkuu wa shule ya nne amemwambia arudi baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Mwanafunzi asiyezoea utaratibu huu angeandika tu kwamba "nakutana na changamoto ya upatikanaji wa shule moja, naomba ushauri." Msimamizi akisoma hivyo hana la kushika. Atajibu, "Endelea kufuatilia," na wiki mbili zimekwenda.

Kwa hiyo sehemu ya tatu, ya maamuzi, ndiyo roho ya ukurasa, na inastahili muda mwingi kuliko nyingine zote. Swali zuri kwa msimamizi lina njia zilizopo, gharama ya kila njia, na pendekezo la mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu wetu anaandika hivi: "Naomba uamuzi kuhusu shule ya nne. Njia ya kwanza ni kubaki na shule tatu na kuhoji wanafunzi wanane kila shule; idadi inabaki 24, lakini napoteza shule pekee ya kijijini. Njia ya pili ni kutafuta shule nyingine ya kijijini katika halmashauri hiyo hiyo. Barua yangu inaruhusu, ila nitahitaji siku kama tano za kufuatilia. Njia ya tatu ni kusubiri hadi Julai. Napendekeza ya pili, kwa sababu swali langu la utafiti linalinganisha mjini na kijijini. Je, unakubali?"

Swali hilo linajibika hata kwa simu iliyo barabarani Chalinze. Msimamizi anaweza kusema "ya pili, endelea" na akawa ametoa usimamizi wa kweli. Anaweza pia kusema kitu ambacho mwanafunzi hakukifikiria: kwamba shule moja kati ya zile tatu, ingawa iko ndani ya mipaka ya mji, wanafunzi wake wengi wanatoka vijijini, na pengine tofauti anayoitafuta iko katika walikotoka watoto na si mahali jengo lilipo. Mazungumzo ya aina hiyo ndiyo watu wanayoyalipia ada. Yanapatikana kwa sababu msimamizi hakutumia nusu saa ya kwanza kuuliza, "Hebu nikumbushe, unasoma nini?"

Na hapa tarehe inaonyesha thamani yake. Shule za sekondari Tanzania kwa kawaida hufunga mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Julai. Uamuzi ukipatikana tarehe 19 Mei, mwalimu ana takribani wiki mbili za kupata shule na kuwahoji watoto. Ukichelewa hadi kikao cha 2 Juni, amechelewa kwa mwezi mzima, kwa sababu hakuna mtoto darasani wa kuhojiwa. Kila fani ina mlango wake wa namna hiyo. Mtu wa kilimo ana msimu wa mvua, anayechunguza wavuvi ana bamvua na kusi, anayepima wagonjwa ana kibali cha maadili chenye tarehe ya mwisho. Mwanafunzi ndiye ajuaye mlango wake unafungwa lini, na aandike tarehe hiyo kwenye ukurasa, mara zote, mpaka ipite.

Maswali ya kuamuliwa yasizidi mawili. Yakiwa sita, msimamizi atajibu lile rahisi na kuacha lile zito.

Sehemu ya nne ni mistari mitatu, na kila mstari uwe na kitu kinachoweza kuonekana. "Kuendelea na mapitio ya maandiko" hakionekani. "Kurasa nne kuhusu tafiti za lugha ya kufundishia Tanzania" zinaonekana, au hazipo.

Kurasa tano

Kuhusu rasimu inayoambatana, kanuni ni udogo na uwazi. Kurasa tano zenye nafasi mbili kati ya mistari, herufi za ukubwa wa 12, ni maneno kama 1,300 hivi. Mtu anazisoma kwa kikombe kimoja cha chai. Juu ya ukurasa wa kwanza mwanafunzi aandike mistari miwili: kipande hiki kinakaa wapi katika tasnifu, na anataka kisomwe kwa jicho gani. Hili la jicho linaepusha maumivu mengi. Usipolisema, msimamizi mwenye haraka atasahihisha kile kinachoonekana kwanza, yaani nukta na tahajia. Mwanafunzi atarudishiwa kurasa zilizojaa wino mwekundu, atasahihisha nukta zote, na miezi minne baadaye ataambiwa kwamba hoja yenyewe haikusimama tangu mwanzo. Andika: "Hii ni rasimu ya kwanza. Naomba utazame kama mtiririko wa hoja kutoka ukurasa wa 2 hadi wa 4 unaeleweka. Lugha bado sijaisafisha."

Rasimu ya pili ya kipande hicho hicho ikitumwa, mabadiliko yaonekane. Kwenye Word kuna Track Changes kwa kazi hiyo, na msimamizi wengi huitumia. Jina la faili nalo lijieleze. Msimamizi mwenye wanafunzi wanane akiwa na mafaili manne yanayoitwa `Chapter two final.docx`, hatajua ni la nani. Jina kama `Sura2_rasimu3_2026-05-14.docx`, likitanguliwa na jina la ukoo la mwanafunzi, linajipanga lenyewe kwenye kompyuta. Vitu vyote viende kwa baruapepe, nakala kwa msimamizi wa pili. WhatsApp ibaki ya kukumbushana asubuhi ya kikao; rasimu iliyotumwa huko humezwa na picha za harusi na ujumbe wa vikoba kabla ya jua kuzama.

Wiki ambayo hukuandika chochote, tuma ukurasa vilevile. Hili ndilo jaribu kubwa kuliko yote, na ndipo ratiba nyingi hufia. Mtu ameuguliwa na mtoto, au shule imempa zamu, hajaandika hata mstari, na anaona afadhali aahirishe kuliko kujiaibisha. Akiahirisha, kikao kijacho atadaiwa kazi ya wiki nne, ataona aibu maradufu, ataahirisha tena. Ukurasa usio na rasimu bado una sehemu tatu zilizo hai: kilichokwama, uamuzi unaotakiwa, na mpango. Andika ukweli kwa sentensi moja, "Sikuandika, nilikuwa na usimamizi wa mitihani shuleni," kisha endelea. Dakika 15 zinatosha siku hiyo. Wasimamizi wamekwisha kuona wanafunzi wasioandika. Wasichoweza kukivumilia ni yule aliyepotea.

Dalili za mpango kuanza kuoza ziko wazi kwa anayetazama. Ya kwanza ni mstari ule ule kutokea katika sehemu ya "nitakachofanya" mara tatu mfululizo. Mstari huo haufanyiki kwa sababu ni mkubwa mno au mwanafunzi hajui pa kuuanzia, na sasa unafaa kuhamia kwenye maamuzi. Ya pili ni msimamizi kuanza kila kikao kwa "Enhe, umefikia wapi?" Hajasoma. Usilalamike. Njoo na ukurasa umeuchapa, umwekee mezani, na mpe dakika nne za kuusoma mbele yako. Hiyo ndiyo faida ya kuwa ukurasa mmoja. Ya tatu ni kikao kugeuka soga tamu kuhusu siasa za chuo. Kinaburudisha, lakini muhtasari wa kesho yake utakuwa mtupu, na mwanafunzi akiuandika kwa uaminifu ataona mwenyewe.

Huo muhtasari usiwe kumbukumbu za kikao za kiofisi zenye waliohudhuria na yatokanayo. Mistari mitano inatosha: tumekubaliana hivi, hili limeachwa, mimi nitafanya hiki kufikia tarehe fulani, wewe Daktari utanisaidia kwa hiki, kikao kijacho ni tarehe fulani. Mwishoni andika, "Kama kuna nilichokielewa vibaya, naomba unisahihishe." Wasimamizi wawili wanapotoa maagizo yanayopingana, mmoja akitaka shule tatu na mwingine akitaka sita, muhtasari uliowafikia wote wawili hulitoa jambo mabegani mwa mwanafunzi na kuwarudishia wenyewe walimalize.

Kuna mahali utaratibu huu haufiki. Msimamizi ambaye hajibu barua ya kwanza, hajibu ya pili iliyotumwa baada ya siku kumi, na hapatikani ofisini, hatabadilishwa na ukurasa wowote. Vivyo hivyo aliyekubali, kisha akakosa vikao vitatu mfululizo bila simu wala jibu la maandishi. Hapo mwanafunzi amwone msimamizi wa pili kama yupo, kisha mratibu wa masomo ya uzamili katika idara, kabla ya kwenda juu zaidi. Aende na orodha ya tarehe, kurasa alizotuma na majibu aliyopata, bila kivumishi hata kimoja. Mratibu akiona kurasa sita zilizotumwa kwa wakati na majibu sifuri, ana la kufanyia kazi. Akiletewa malalamiko kwamba "Daktari hapatikani", atasema amevumilie, kwa sababu upande wa pili utakuja na malalamiko yake kwamba mwanafunzi haleti kazi.

Nanyi wasimamizi mnaosoma hapa: barua ya namna hii ikiwafikia, ijibuni siku hiyo, hata kwa neno "sawa". Kama hamuwezi kila wiki mbili, semeni kila wiki tatu. Kama hamsomi kurasa zaidi ya tatu, semeni tatu. Mwanafunzi anayejua kiasi chenu atapanga kazi yake kwa kiasi hicho.